Sampuli zenye uzito: kukadiria integrali ya mtaro unaofurika, na kusoma upau wa kosa

Masika moja kijana wa mafunzo kazini alikuja mezani kwangu na kompyuta mpakato yake mkononi, amefurahi. "Shikamoo mkuu. Jibu limetoka: sifuri, na kosa lake ni sifuri." Nikamuuliza kama na yeye anaamini mtaro ule haufuriki kabisa, maana asubuhi hiyo alikuwa amechelewa kazini kwa sababu ya maji ya Jangwani, Dar es Salaam. Akacheka, akakaa. Programu yake ya kukadiria maji yanayomwagika mtaroni haikuwa na kosa hata moja la kuandika. Tatizo lilikuwa kwamba alichota sampuli 200 tu, na hakuna hata moja iliyoangukia mahali penye jibu.

Mwongozo huu ni yale tuliyofanya mchana ule, kwa mfano mdogo ambao jibu lake linapatikana pia kwa kalamu. Ninapenda kuanza na mfano wa namna hiyo, kwa kuwa ukishaona upau wa kosa ukisema kweli na ukisema uongo mahali unapojua jibu, utautambua hata pale usipolijua. Unahitaji Python yenye maktaba ya `numpy`, na hesabu za kidato cha sita.

Tatizo lenyewe

Chukulia mvua ya siku moja ya masika ina mgawanyo wa eksponensha wenye wastani wa milimita 12. Mtaro wetu unabeba hadi milimita 60 kwa siku, na zaidi ya hapo maji yanamwagika barabarani. Namba hizi mbili nimejipangia mwenyewe ili hesabu ziwe nyepesi, sikuzitoa kituo chochote cha hali ya hewa. Swali ni: kwa wastani, kwa kila siku ya mvua, ni milimita ngapi zinazozidi uwezo wa mtaro?

Kwa lugha ya hesabu hiyo ni integrali. Ukiita kiasi cha mvua x na msongamano wa uwezekano wake p(x), basi

```
p(x) = exp(-x/12) / 12
I = integrali ya (x - 60) * p(x), kuanzia x = 60 hadi mbali kabisa
```

Hii inakokotoleka kwa kalamu: I = 12 × e^(-5), yaani 0.0809. Iandike pembeni, halafu ujifanye huijui. Kwenye kazi halisi hapo penye (x - 60) panakaa modeli nzima ya mtiririko wa maji yenye mabomba, makalavati na mteremko, na kalamu haifui dafu.

Hatua ya kwanza: chota kawaida, uone kinachouma

Njia ya kawaida ni kuchota mvua nasibu nyingi kutoka p, kukokotoa ziada ya kila moja, kisha kuchukua wastani. Mvua isiyofika 60 inachangia sifuri.

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)
N = 1000
x = rng.exponential(12, N)
h = np.maximum(x - 60, 0)
print(h.mean(), h.std(ddof=1) / np.sqrt(N))
```

Namba ya kwanza ni makadirio. Ya pili ni kosa sanifu: mkengeuko sanifu wa michango, ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Kwenye grafu, kosa sanifu ndilo linalochorwa kama kijistari kinachopita juu na chini ya nukta, na hicho ndicho ninachokiita upau wa kosa.

Sasa fikiria ni sampuli ngapi kati ya 1,000 zitakazovuka 60. Uwezekano wa kuvuka ni e^(-5), yaani 0.0067. Kwa hiyo kwa wastani ni kama saba tu. Nyingine zote, zaidi ya 990, zinajumlisha sifuri. Jibu lako lote limebebwa na sampuli saba, na ziada ya kila moja inatofautiana sana na ya mwenzake.

Kwa kalamu, mkengeuko sanifu wa michango hiyo ni 1.39. Ukigawanya kwa kipeuo cha 1,000, kosa sanifu ni 0.044, ilhali kitu tunachokipima ni 0.081. Makosa ni zaidi ya nusu ya jibu. Ukizidisha kosa hilo kwa 1.96 ili upate upau wa asilimia 95, unaanzia chini ya sifuri na kuishia 0.167. Ziada ya maji haiwezi kuwa hasi. Upau unaovuka kuingia mahali pasipowezekana unakuambia kwamba sampuli zilizogonga, yaani zilizovuka 60, ni chache mno, na ile 1.96 iliyokopwa kwenye mgawanyo wa kengele haijapata haki ya kutumika.

Na yule kijana mwenye sampuli 200? Wastani wake ulikuwa wa kugonga mara 1.35. Uwezekano wa kutogonga hata mara moja ni 0.26, maana yake karibu robo ya watu watakaoendesha programu ile watapata sifuri, jumlisha-toa sifuri. Hakuwa na mkosi wa ajabu.

Kuna jambo jingine hapa ambalo wengi hulipita. Tuseme katika 200 hizo imegonga moja tu, ikiwa na mvua ya milimita 63. Makadirio ni 3 kugawanya kwa 200, yaani 0.015, na kosa sanifu nalo linatoka 0.015. Upau wa asilimia 95 unaishia kama 0.044, chini kabisa ya jibu la kweli. Makadirio yakitoka madogo, upau nao unatoka mfupi, kwa sababu vyote viwili vinapikwa kutoka sampuli zilezile. Kwa hiyo pale unapokosea kwa kwenda chini, ndipo unapojiamini zaidi. Tangu nilipolielewa hilo niliacha kuusoma upau wa kosa kabla sijahesabu ni sampuli ngapi zimegonga.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kuongeza sampuli. Ni sawa, ila kosa linapungua kwa kipeuo cha pili: ukitaka liwe nusu, lipia sampuli mara nne. Tukitaka kosa sanifu liwe asilimia 5 ya jibu, tutahitaji sampuli 118,000 hivi. Kwa mfano wetu hizo ni sekunde tu. Lakini kama kila sampuli ni mbio moja ya modeli ya mafuriko inayochukua dakika mbili, unazungumzia siku 164 za kompyuta kuunguruma, na umeme usikatike.

Hatua ya pili: nenda kwenye maji, kisha uilipe haki

Tuache mvua kidogo. Tuseme umetumwa kukadiria wastani wa hasara ya mafuriko kwa kaya za Dar es Salaam. Ukichagua kaya kwa nasibu tupu, utashinda Goba na Mbezi kwenye vilima ukiambiwa "hapa maji hayajawahi kuingia, karibu chai." Mwenye akili atakwenda zaidi bondeni, kandokando ya Mto Msimbazi, ambako ndiko hasara iliko. Lakini akirudi ofisini hawezi kuchukua wastani mtupu, kwa sababu amezidisha kaya za bondeni. Kama kaya ya bondeni aliipa nafasi mara kumi ya ile iliyostahili, basi mchango wake lazima augawanye kwa kumi. Na ya kilimani aliyoipunja, aiongezee uzito kwa kadiri alivyoipunja.

Hiyo ndiyo mbinu nzima. Unachota kutoka mgawanyo mwingine, tuuite q, unaokupeleka penye jibu mara nyingi. Kisha kila sampuli unaizidisha kwa uzito w = p/q, yaani nafasi iliyostahili kugawanya kwa nafasi uliyoipa. Wastani wa ziada mara uzito unalenga integrali ileile, bila kupendelea upande wowote. Wanahesabu wa mwanzo kutumia njia hii ya kuchota nasibu, iitwayo Monte Carlo, walikabiliwa na shida ya sura hii: nyutroni chache sana hupenya ukuta mnene wa kinga, na kusubiri zipenye kwa bahati ni kupoteza muda wa mashine.

Kwetu sisi, q rahisi ni eksponensha ileile, ila wastani wake tuuvute hadi kwenye ukingo wa mtaro, milimita 60 badala ya 12.

```python
def kadiria(mbegu, N=1000, m=60):
    rng = np.random.default_rng(mbegu)
    x = rng.exponential(m, N)
    p = np.exp(-x / 12) / 12
    q = np.exp(-x / m) / m
    w = p / q
    h = np.maximum(x - 60, 0) * w
    return h.mean(), h.std(ddof=1) / np.sqrt(N), w, h
```

Tazama sampuli mbili kwa karibu. Ya kwanza imeangukia mvua ya milimita 75. Uzito wake ni 5 × e^(-75/15), yaani 5 × e^(-5), ambayo ni 0.0337. Ziada ni 15, hivyo mchango wake ni 0.505. Ya pili imeangukia 120. Ziada yake ni kubwa, 60, lakini uzito umeporomoka hadi 0.00168, na mchango unakuwa 0.10. Mvua kubwa kupita kiasi hazina tena uwezo wa kuyumbisha jumla, kwa kuwa uzito unashuka haraka kuliko ziada inavyopanda. Mchango mkubwa kuliko yote unaowezekana ni huo wa milimita 75. Hakuna sampuli itakayouzidi.

Hapo ndipo varianzi inapopungua. Wengi hudhani faida inatokana na kugonga mara nyingi tu, na kweli sasa sampuli 37 kati ya 100 zinagonga badala ya chini ya moja. Lakini kugonga peke yake hakutoshi, kama tutakavyoona mbele. Faida inakuja pale michango inapokaribiana ukubwa. Varianzi ni kipimo cha kutawanyika kwa michango, na haijali michango hiyo ilipatikana wapi.

Kwa kalamu tena: mkengeuko sanifu wa michango umeshuka kutoka 1.39 hadi 0.155. Kwa sampuli 1,000 kosa sanifu ni 0.0049, kama asilimia 6 ya jibu. Varianzi imepungua mara 81 hivi, na hii ndiyo namba ya kumwonyesha bosi, kwa sababu inamaanisha unahitaji sampuli mara 81 pungufu kupata usahihi uleule. Zile sampuli 118,000 zimekuwa 1,465 hivi, na siku 164 zimekuwa saa 49: washa Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi unakuta jibu.

Usihangaike kutafuta wastani wa q ulio bora hadi desimali. Ukiweka 72 au 84 badala ya 60, varianzi inabadilika kidogo tu. Bonde la uzuri ni pana, na muda wako utumie kwenye ukaguzi.

Ukitaka zaidi, acha kabisa kuchota chini ya 60, kwa kuwa huko mchango ni sifuri hata hivyo. Chota `60 + rng.exponential(24, N)`, na q iwe `np.exp(-(x - 60) / 24) / 24`. Mkengeuko unashuka hadi 0.035, na kosa sanifu la sampuli 1,000 linakuwa 0.0011. Kikomo chenyewe ni q inayofuata umbo la ziada mara p: hapo kila mchango unakuwa sawasawa na varianzi ni sifuri. Ila kuiandika q hiyo sharti ujue integrali unayoitafuta, kwa hiyo inabaki kuwa dira tu.

Hatua ya tatu: kagua uzito kabla ya kusoma upau

Kwa q inayofika kila mahali p inapofika, kama ile ya wastani 60, wastani wa uzito wenyewe lazima ukaribie 1. Kwa mfano wetu na sampuli 1,000 unatarajia 1, jumlisha-toa kama 0.08. Ukipata 0.02 au mamilioni, usiendelee: pengine umesahau kugawanya kwa m, au umegeuza p na q. Kosa hilo la kusahau m nimelifanya zaidi ya mara moja, tena na upau uliotoka mfupi, mzuri wa kuweka kwenye ripoti. Upau wa kosa haujui kama fomyula yako ni sahihi.

Kwa ile q inayoanzia 60, wastani wa uzito hautakuwa 1. Utakuwa uwezekano wa mvua kuvuka 60, yaani 0.0067, kwa sababu sehemu nyingine ya p umeiacha makusudi. Iliruhusiwa kuachwa kwa kuwa huko ziada ni sifuri. Ungeacha eneo lenye ziada, makadirio yangepungua kimyakimya na hakuna upau ambao ungekuonya.

Ukaguzi wa pili ni wa mchango mkubwa kuliko yote:

```python
wastani, kosa, w, h = kadiria(7)
print(w.mean(), h.max() / h.sum())
```

Namba ya mwisho ni sehemu ya jumla iliyobebwa na sampuli moja. Kwa q ya wastani 60 haifiki mbali na 0.006, chini ya asilimia moja. Hiyo ni afya. Ikifika asilimia 5 naanza kuwa na wasiwasi. Ikifika 20, jibu lile ni la sampuli moja, hao wengine 999 ni wasindikizaji.

Hatua ya nne: q inayodanganya

Yule kijana alipoona 60 inasaidia, na kuanzia ukingoni kunasaidia zaidi, akapata wazo. Kwa kuwa mvua nyingi zinazovuka 60 huvuka kidogo tu, kwa nini tusibanane hapohapo ukingoni? Akachota `60 + rng.exponential(5, N)`. Kila sampuli inagonga, asilimia mia. Wazo lina mantiki, na ndiyo maana ni hatari.

Angalia uzito. Ukiita y kile kinachozidi 60, p inashuka kama e^(-y/12), lakini q inashuka haraka zaidi, kama e^(-y/5). Uzito p/q kwa hiyo unapanda kadiri y inavyokua, bila kikomo. Mvua za mbali karibu hazichotwi kabisa, na siku moja ikichotwa inakuja na uzito wa kutisha kulipia zote ambazo hazikuja. Ukiifanya integrali ya mraba wa mchango utakuta haina mwisho. Varianzi ya kweli ni kubwa isiyo na kikomo, ingawa `h.std()` itakupa namba ya kawaida kabisa, kwa sababu kompyuta inapima zile ilizoziona tu.

Katika mbio moja ya sampuli 1,000, y kubwa kuliko zote huwa kama 34 au 35. Mvua zote za mbali zaidi ya hapo hazimo, na ndani yake kuna zaidi ya moja ya tano ya jibu, nusura asilimia 22. Matokeo ya kawaida basi ni makadirio ya karibu 0.063 na kosa sanifu la karibu 0.007. Upau wa asilimia 95 unaishia kama 0.077. Jibu la kweli, 0.081, liko nje.

Weka hayo sambamba na uchotaji wa kawaida, uliotoa kosa la 0.044. Mtu asiyejua atasema 0.007 ni bora mara sita, na atakuwa amechagua jibu lisilo sahihi kwa kuvutiwa na upau mfupi.

Dalili zipo ukizitafuta. Ile sampuli ya y = 34.5 ina mchango wa 5.4 hivi, karibu asilimia 9 ya jumla yote, ilhali q nzuri haikufikia hata asilimia moja. Pia ongeza sampuli kutoka 1,000 hadi 100,000. Kwa q yenye afya kosa sanifu linashuka mara 10, bila ubishi. Kwa q hii halishuki inavyopaswa, na mara nyingine linaruka juu ghafla pale sampuli ya mbali inapoingia, na makadirio nayo yanaruka pamoja nalo. Upau unaorefuka baada ya kuongeza kazi ni upau ulioanza kusema ukweli kwa kuchelewa.

Bora zaidi ni kuzuia kabla ya kuendesha. Andika p/q kwenye karatasi na ujiulize inakwenda wapi x inapokuwa kubwa sana. Ikishuka au ikitulia, endelea. Ikipanda, simama uangalie mraba wa mchango. Kwa eksponensha mpaka unajulikana: wastani wa q lazima uzidi nusu ya ule wa p, yaani zaidi ya 6 hapa. Mimi sisogelei mpaka huo. Mkia wa q naupenda uwe mnene kuliko wa p, hata kama unanigharimu sampuli chache zaidi.

Hatua ya tano: soma upau

Tuseme umekagua, na q ya wastani 60 imekupa 0.083 na kosa sanifu 0.005. Nusu upana wa asilimia 95 ni 1.96 × 0.005, kama 0.010, kwa hiyo unaandika 0.083 ± 0.010 na unasema wazi kwamba ni asilimia 95. Ripoti nyingi zinaandika jumlisha-toa bila kusema kama ni kosa sanifu moja au mawili, na msomaji anabaki kubahatisha.

Maana yake ni hii: ukirudia zoezi zima mara nyingi kwa mbegu tofauti, pau 95 hivi katika kila 100 zitalifunika jibu la kweli. Huu mmoja ulionao mkononi ama umelifunika ama haujalifunika. Wala si ajabu jibu la kweli kuwa nje ya kosa sanifu moja. Hilo hutokea karibu mara moja katika kila tatu. Watu wawili wakipata 0.076 na 0.084 kila mmoja na kosa la 0.005, hawajapingana hata kidogo.

Kwa kuwa unaweza kurudia, rudia:

```python
r = [kadiria(s)[:2] for s in range(20)]
m = np.array(r)
print(m[:, 0].std(ddof=1), m[:, 1].mean())
```

Namba ya kwanza ni mtawanyiko halisi wa makadirio 20. Ya pili ni kosa sanifu ambalo kila mbio ilidai kuwa nalo, kwa wastani. Zinapaswa kukaribiana. Kwa marudio 20 usidai zilingane kabisa, tofauti ya robo au hata theluthi bado ni bahati tu. Ya kwanza ikiwa mara mbili au tatu ya ya pili, pau zako ni fupi kuliko inavyostahili na unarudi hatua ya tatu. Kama modeli yako ni ile ya dakika mbili, gawa sampuli ulizonazo katika mafungu 20 badala ya kuendesha upya.

Limebaki swali ambalo upau hauligusi kabisa. Tumesema wastani wa mvua ni 12. Je, ikiwa ni 14? Habari njema ni kwamba huhitaji kuchota tena. Sampuli ni zilezile, ziada ni zilezile, q ni ileile. Unabadilisha mstari mmoja wa p:

```python
p = np.exp(-x / 14) / 14
```

Jibu linaruka kutoka 0.081 hadi 0.193, na kosa sanifu la sampuli 1,000 ni kama 0.011. Milimita mbili kwenye wastani zimezidisha maji ya barabarani zaidi ya mara mbili, wakati sisi tulikuwa tukihangaika na asilimia 6. Kijana aliangalia namba hizo mbili kwa muda, kisha akauliza takwimu za mvua tunazo za miaka mingapi. Nikamwambia sasa ndiyo ameanza kazi, aende akazitafute.